Sini au kosini? Amua kabla hujajaza namba

*Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza wa cheti cha upimaji ardhi. Nimekutumia picha ya mchoro kutoka karatasi ya mazoezi: shamba ABCD limekatwa na ulalo AC. AB ni mita 90, BC mita 50, pembe B nyuzi 40, pembe D nyuzi 58, na pale A pameandikwa 65. Tunatafuta CD na pembe BCD. CD nimepata mita 65.1 kama majibu yanavyosema, ila pembe BCD kwangu ni 128.9 na majibu yanasema 165.1. Nimejumlisha pembe zangu nne, zinafika 360 kamili. Nani kakosea? Na nitajuaje ni sini au kosini kabla sijajaza namba? Mimi huwa najaribu moja, ikikataa nahamia nyingine.*

Marahaba. Majibu ya karatasi ni sahihi, na hesabu yako kwa asilimia kubwa ni sahihi pia. Umeteleza mahali pamoja tu, pale ulipobonyeza sin⁻¹ kutafuta pembe C ya pembetatu ABC. Lakini kabla ya kufika huko tuanze na picha yenyewe, kwa sababu nadhani ndiyo iliyokutia moyo wa kuliamini jibu lako.

Umepiga picha ukiwa umekaa, simu imeinama, karatasi iko mezani. Picha ya namna hiyo inabakiza mistari iliyonyooka ikiwa imenyooka, na inabakiza nani yuko jirani ya nani: kwamba C iko kati ya B na D, kwamba ulalo unatoka A kwenda C. Ukubwa wa pembe na uwiano wa pande haubaki. Upande ulio mbali na simu unafupika, kona zinabanwa au kupanuka. Kwenye picha yako kona ya C inaonekana kama nyuzi 130 hivi kwa macho, na wewe ukapata 128.9. Nani asingeridhika? Hata mchoro wa asili kwenye karatasi haukuchorwa kwa skeli. Aliyeutunga alichora umbo tu na kulibandika namba. Kwa hiyo kwenye picha chukua herufi, namba, na vitao vidogo vinavyoonyesha namba ni ya pembe ipi. Mengine yote uyaache humo humo.

Vitao hivyo vina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Umeniandikia "pale A pameandikwa 65", lakini pale A kuna pembe tatu: BAC, CAD, na BAD ambayo ni hizo mbili kwa pamoja. Nimeikuza picha. Kitao kinaanzia mstari AD na kinaishia kwenye ulalo, hakiuvuki. Basi 65 ni CAD. Kingeuvuka ulalo mpaka kugusa AB, ingekuwa BAD, na CD ingetoka mita 39.2 badala ya 65.1. Namba ni ile ile, mchoro ni ule ule, shamba limekuwa jingine. Picha ikiwa na ukungu mahali kama hapo, usikisie. Rudi kwenye karatasi, au muulize mwenzako mwenye nakala safi.

Ukishajiridhisha, chora upya mwenyewe, tena chora pembetatu mbili zilizotengana, ABC peke yake na ACD peke yake. Kanuni zote mbili zinafanya kazi ndani ya pembetatu moja. Pembenne nzima haina kanuni ya sini.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo la msingi. Chukua ABC. Toka kwenye kila pembe, vuka pembetatu mpaka upande inaotazamana nao, yaani ule ambao hauigusi pembe hiyo. B inatazamana na AC. C inatazamana na AB. A inatazamana na BC. Hizo ni jozi tatu. Jiulize jambo moja tu: je, kuna jozi ambayo nusu zake zote mbili, pembe na upande wake, unazijua? Hapa B unaijua lakini AC huijui. AB unaijua lakini C huijui. BC unaijua lakini A huijui. Kila jozi ina nusu. Hakuna jozi kamili, kwa hiyo sini haina pa kuanzia, na kazi ni ya kosini.

Sababu utaiona ukiiandika kanuni ya sini kwa pembetatu hii:

50 / sin A = AC / sin 40° = 90 / sin C

Chagua sehemu mbili zozote uziweke sawa. Kila mara utabaki na vitu viwili usivyovijua ndani ya mlinganyo mmoja. Ndiyo maana inapokataa hukataa kwa namna inayochosha: unajaza, unahamisha, unajaza tena, na huoni kosa, kwa sababu kosa halimo kwenye kujaza. Ni kweli unaweza kuilazimisha kwa kujua kwamba A na C kwa pamoja ni nyuzi 140, lakini utajikuta unafungua mabano ya sin (140° − C) kwa jambo ambalo kosini inalimaliza kwa mstari mmoja:

AC² = 90² + 50² − 2 × 90 × 50 × cos 40°

Yaani 8100 + 2500 − 6894.4, ambayo ni 3705.6. Kipeuo chake cha pili ni 60.87, hivyo AC ni mita 60.87. Hapa wewe ulipita salama, ila wapo wanaoanguka kwa namna moja inayojirudia: wanajumlisha 8100 na 2500 kupata 10600, wanatoa 9000, wanabaki na 1600, ndipo wanazidisha kwa cos 40°. Wanapata 1225.7 na AC ya mita 35. Jibu la aina hii linajisaliti lenyewe. Jumlisha 35 na 50, unapata 85, na upande wa tatu una mita 90. Pande mbili zilizoungana haziwezi kuwa fupi kuliko upande wa tatu. Pembetatu hiyo haifungi. Ile 9000 imefungwa na cos 40° kwa kuzidisha, na kuzidisha kunatangulia kutoa.

Hamia ACD. Mwanzoni pembetatu hii ilikuwa na pembe mbili, 58 na 65, bila upande hata mmoja. Pembe tupu zinakupa umbo, hazikupi ukubwa, kwa hiyo usingeweza kuanzia hapa hata ungetaka. Lakini sasa AC imepatikana, nayo inatazamana na D yenye nyuzi 58. Hiyo ni jozi kamili. CD unayoitafuta inatazamana na ile 65 pale A. Jozi moja kamili na nusu ya jozi nyingine: hapo ndipo nyumbani kwa sini.

CD / sin 65° = 60.87 / sin 58°

CD inatoka mita 65.1, kama ulivyopata. Pembe ACD ni 180 − 58 − 65, yaani 57. Katika kazi ya upimaji hali hii ya pembe nyingi na upande mmoja ndiyo iliyotawala kwa miaka mingi kabla ya setilaiti. Mnyororo wa pembetatu uliofuata meridiani ya 30 kutoka Afrika Kusini hadi Misri, ukapita magharibi ya Tanzania na kukamilika mwaka 1954, ulijengwa kwa misingi michache iliyopimwa urefu wake ardhini na pembe nyingi zilizosomwa kwa theodolaiti. Kutoka pembetatu moja kwenda nyingine, urefu ulikuwa ukibebwa na sini. Upande mpya uliopatikana unakuwa nusu ya jozi kwa pembetatu inayofuata, sawa na AC yako.

Tumefika kwenye kosa. Ili kupata BCD unahitaji ACB, kisha uijumlishe na 57. Ukarudi ABC na ukaona, kwa haki kabisa, kwamba sasa kuna jozi kamili: B ni 40 na AC ni 60.87. Ukatumia sini:

sin C = 90 × sin 40° / 60.87 = 0.9503

Ukabonyeza sin⁻¹, kikokotoo kikakupa 71.9. Ukajumlisha na 57, ukapata 128.9. Kujaza kwako ni sahihi, na kikokotoo hakijakudanganya. Tatizo ni kwamba pembe mbili ndani ya pembetatu zina sini hiyo hiyo moja: 71.9 na 108.1. Pembe yoyote na ile inayoijazia mpaka 180 zina sini sawa. Kikokotoo kinapoulizwa sin⁻¹ ya namba chanya hurudisha pembe kali peke yake, kamwe hakikuambii kuna butu iliyojificha nyuma yake. Pembe C ya shamba lako ni ile butu, 108.1. Ongeza 57, unapata 165.1.

Kosini haina utata huu. Pembe kali zina kosini chanya, pembe butu zina kosini hasi, kwa hiyo alama peke yake inakwambia uko upande gani wa 90. Jaribu:

cos C = (60.87² + 50² − 90²) / (2 × 60.87 × 50)

Juu unapata namba hasi, karibu −1894. Ukigawanya inatoka −0.311, na cos⁻¹ yake ni 108.1 moja kwa moja.

Kwa hiyo uamuzi wa kanuni ipi hufanywi mara moja tu mwanzoni. Unaufanya upya kila unapotafuta kitu kipya, na kuwapo kwa jozi kamili kunakuruhusu kutumia sini, hakukuhakikishii usalama. Ukitafuta upande, jozi ikiwapo, sini haina hatari. Ukitafuta pembe, jiulize kwanza kama pembe hiyo inaweza kuwa butu. Pembetatu haiwezi kuwa na pembe butu mbili, na ikiwapo moja, inatazamana na upande mrefu kuliko zote. Upande mrefu hapa ni AB wenye mita 90, na unatazamana na C. Yaani kati ya pembe mbili zilizobaki, wewe uliichagua ile moja yenye hatari.

Mimi ningefanya hivi: ningetumia sini kutafuta A, inayotazamana na BC yenye mita 50. Upande huo ndio mfupi kuliko yote, kwa hiyo A haina njia ya kuwa butu na jibu la kikokotoo linakubalika bila wasiwasi. Inatoka 31.9. Kisha C ni 180 − 40 − 31.9, ambayo ni 108.1. Wapo walimu wanaosisitiza kosini kila unapotafuta pembe, na hawajakosea, lakini ina namba nyingi za kubonyeza, na kila kubonyeza ni nafasi ya kukosea.

Kuna faida nyingine ya kuikimbia sini pembe inapokaribia 90: hapo sini hubadilika taratibu sana, hivyo kosa dogo kwenye urefu linazaa kosa kubwa kwenye pembe. Tuseme ungeandika AC kuwa 61 badala ya kuibakiza 60.87. Ukitafuta C kwa sini na kukumbuka kuchukua butu, inatoka 108.5. Ukitafuta A kwanza kisha ukatoa, C inatoka 108.2. Jibu la kweli ni 108.1. Ni mzunguko ule ule wa namba, lakini njia moja imeukuza karibu mara tano. Namba ya katikati iache ndani ya kikokotoo kwa kitufe cha Ans, ufupishe desimali mwishoni tu.

Umeniuliza pia, ingawa si kwa maneno hayo, kwa nini jumla ya 360 haikukuokoa. Kwa sababu pembe yako ya BAC hukuipata kwa kipimo kinachojitegemea. Uliipata kwa kutoa kutoka 180. Kilichopungua kwenye C kilihamia A. C yako ilipungua nyuzi 36.3 na A yako ikaongezeka nyuzi 36.3 zile zile, jumla ikabaki palepale. Jumla ya pembe inakamata kosa pale tu ambapo kila pembe imetafutwa kivyake.

Kipimo kinachokamata ni mpangilio. Upande mrefu utazamane na pembe kubwa, wa kati na ya kati, mfupi na ndogo. Pande za ABC ni 50, 60.87 na 90. Kwenye majibu yako, upande wa 50 unatazamana na A ya nyuzi 68.1, na upande wa 60.87 unatazamana na B ya nyuzi 40. Upande mfupi umebeba pembe kubwa kuliko upande unaouzidi. Haiwezekani, na ungeliona hilo bila kikokotoo. Majibu sahihi yanakaa kwenye mstari: 31.9, 40, 108.1.

Na ukitaka kujua mapema kama kuna butu, kabla hata ya kugusa sin⁻¹, linganisha mraba wa upande mrefu na jumla ya miraba ya wenzake. 90² ni 8100. 50² na 60.87² kwa pamoja ni kama 6206. Mraba wa upande mrefu umezidi, basi pembe inayotazamana nao ni butu. Ungepungua, ingekuwa kali. Ungelingana, tungekuwa kwa Pithagoras.

Shamba lako lina jibu moja kwa sababu pande mbili na pembe iliyo kati yake zinaifunga pembetatu isicheze. Utakutana na mchoro ambao haujafungwa hivyo, na hapo hakuna uchaguzi wa kanuni utakaokuokoa. Tuseme umepewa pembe A nyuzi 30, AB mita 100 na BC mita 60. Jozi kamili ipo, A na BC, kwa hiyo ni sini, na sin C inatoka 0.833. C inaweza kuwa 56.4 au 123.6, na safari hii zote mbili zinakubali. Zinakupa pembetatu mbili halali: moja ina AC ya mita 119.8, nyingine 53.4. Kipimo cha mpangilio kinazipitisha zote. Dalili yake unaiona kabla ya kujaza: upande unaotazamana na pembe uliyopewa, hapa 60, ni mfupi kuliko ule upande mwingine wa 100, lakini ni mrefu kuliko 100 × sin 30°, yaani 50. Ukiwa chini ya 50 haufiki hata kuufunga mstari wa chini, na kikokotoo kitaandika Math ERROR. Ukiwa 100 au zaidi, pembetatu ni moja.

Kwenye karatasi ya mazoezi, swali la namna hii huwa na maneno kama "C ni pembe butu" mahali fulani juu ya mchoro, na maneno hayo ndiyo watu husahau kuyaingiza kwenye fremu wanapopiga picha. Ukiliona umbo hilo kwenye picha uliyotumiwa bila maelezo, omba ukurasa mzima. Shambani hakuna wa kukuandikia maneno hayo. Unarudi kwenye kigingi na kupima kitu cha nne, aidha AC kwa utepe au pembe nyingine, na kama huwezi kurudi, unaandika majibu yote mawili kwenye daftari lako na kueleza kwamba vipimo ulivyonavyo havitoshi kuchagua.